Karatasi Imeonekana, Pesa Haijaonekana

Bati lililokatwa kwa kipimo cha mtu halina mnunuzi mwingine. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo watu wa kiwanda hukwambia unapoagiza mabati marefu, na ndiyo sababu kiwanda nilichonunulia Kampala kilikuwa na sheria moja isiyopinda: mali iliyokatwa kwa oda haitoki getini mpaka pesa yote iwe imeingia.

Ulikuwa mwaka wa nne baada ya mkataba wa amani. Nilikuwa na duka la vifaa vya ujenzi katika soko la Custom, Juba: misumari, bawaba, rangi, kufuli, na mabati mafupi ya kawaida yaliyosimamishwa ukutani. Nilitoka Kenya, upande wa Kitale, nikiwa na madarasa saba ya shule na vitabu vya uhasibu nilivyonunua vikiwa vimekwisha tumika. Oda zangu tano za kwanza nilikwenda kuzilipia mwenyewe, pesa nikiwa nimeishonea ndani ya koti. Oda ya sita niliilipa kupitia benki, kwa sababu benki ya kwetu ilikuwa imefungua tawi Juba, na kwa sababu niliamini kwamba pesa yenye namba haiwezi kupotea.

Oda hiyo ilikuwa ya mama mmoja wa mtaa wa Munuki, hapo hapo Juba. Alikuwa mpishi katika ofisi ya shirika moja la misaada la Marekani. Vita vilimpeleka Khartoum akiwa msichana, akakaa huko miaka zaidi ya ishirini, na amani ilipokuja akarudi na sanduku moja na cherehani. Akiba yake yote ilikuwa imekwenda kwenye vyumba vitatu vilivyopangana mstari mmoja. Kuta alizijenga kwa matofali mabichi ya udongo, kwa kuwa ya kuchoma yalikuwa ghali. Kuta hizo zilikuwa zimefika juu, fremu za milango zimo, mbao za paa zimekwisha pigwa. Kilichobaki kilikuwa bati. Fundi wake alitaka mabati ya mita tano, yasiyo na kiungo, yashuke kwa mteremko mmoja kutoka nyuma hadi mbele. Mabati ya namna hiyo hayakuwepo Custom.

Alinilipa kamili kabla sijaagiza. Aliniambia jambo moja tu:

"Ya tajir, tofali yangu ni udongo. Matara ikija kabla ya bati, mimi iko na matope, hapana nyumba."

Tajir, kwa Kiarabu cha Juba, ni mfanyabiashara; matara ni mvua. Ilikuwa mwishoni mwa Machi. Nilihesabu: siku mbili za benki, siku moja ya kupakia, siku nne za barabara. Nikamwambia ndani ya siku kumi paa litakuwa juu. Alinitazama usoni akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika.

Jumatatu asubuhi nilikwenda benki. Karani alikuwa dada wa Kikenya, mtaratibu, mwenye sweta hata katika joto lile kwa sababu kiyoyozi kilikuwa juu ya kichwa chake. Alinipa fomu ya kutuma dola nje. Niliijaza kwa herufi kubwa: jina la kiwanda, akaunti, benki yao, tawi, namba ya benki hiyo katika mtandao wa mabenki ya dunia. Gharama zote nilikubali kuzibeba mimi ili kiwanda kipate kiasi kile kile kilichoandikwa kwenye ankara. Chini kabisa kulikuwa na nafasi ya maelezo ya malipo, mistari minne. Niliijaza yote minne. Niliandika namba ya ankara, kisha idadi ya mabati, kisha unene na urefu, kisha mahali yanapokwenda: Juba, Sudan.

Karani aliisoma fomu, akagonga muhuri.

"Mzee, umeandika vizuri. Wengine hapa huandika kama kuku amepita."

Nilifurahi kusifiwa, sitakataa.

Siku iliyofuata alinipa nakala ya ujumbe wa malipo, ile ambayo sisi wafanyabiashara huiita swifti. Ilikuwa na tarehe, kiasi, jina langu, jina la kiwanda, na juu yake namba ya kumbukumbu: herufi mbili na tarakimu kumi na moja. Niliinakili katika daftari la duka kabla sijatoka mlangoni. Kisha nikaenda kwenye saiba, duka la intaneti, iliyokuwa nyuma ya stendi ya bodaboda. Mashine yao ndogo ya skana ilichukua dakika kumi kuisoma karatasi moja, na jenereta ilizimika mara mbili, lakini barua pepe ilikwenda. Niliiandika kwa Kiingereza changu cha vitabuni, na kwa Kiswahili ilisema hivi:

"Tafadhali pokea nakala ya malipo kamili ya ankara yenu iliyotajwa hapo juu. Namba ya kumbukumbu ya uhamisho ni hii. Kiasi ni kile cha ankara bila kupungua. Naomba mtoe mali na kuipakia kwenye lori ambalo namba yake ni hii, dereva wake ana kitambulisho hiki, na mnitumie nakala ya hati ya kutolea mali siku ya kupakia."

Jioni mhasibu wa kiwanda alinipigia simu. Laini zetu nyingi za Juba siku hizo zilitumia namba za Uganda, kwa hiyo Kampala ilikuwa karibu kwa simu kuliko miji mingi ya Sudan yenyewe. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya haraka, na aliniita "ssebo" kila baada ya sentensi, kama wafanyavyo Waganda wanapomheshimu mwanamume.

"Ssebo, karatasi nimeiona. Pesa sijaiona."

"Itakuwa imeingia kesho, mama. Namba ya kumbukumbu unayo. Wape benki yenu waitafute."

"Hata nikiwa nayo, ssebo. Mwaka jana mtu alinitumia swifti nzuri kuliko hii yako. Ina muhuri, ina namba, ina kila kitu. Tulitoa mabati mia mbili. Benki yake haikuwa inamjua hata kwa sura. Mimi nilikatwa mshahara miezi mitatu."

Nilimwomba asiyarudishe mabati ghalani.

"Nani atayataka? Mita tano! Yatakaa hapa uani yakikungoja wewe."

Jumatano pesa haikuingia. Alhamisi haikuingia. Ijumaa asubuhi nilikuwa mtu wa kwanza mlangoni mwa benki, na karani akanionyesha kwenye kioo cha kompyuta kwamba pesa ilitoka Juba, ikapita makao makuu Nairobi, ikaondoka Nairobi Jumanne saa kumi. Kutoka hapo, alisema, dola zote za dunia hupitia New York hata kama zinakwenda nyumba ya jirani.

"Sasa iko wapi?" nikamuuliza.

"Iko njiani."

"Njiani wapi?"

"Mzee, mimi naona mlango wa kutoka tu. Mlango wa kuingia wanauona wao."

Niliomba irudishwe. Akaniambia naweza kuandika ombi la kurudisha, lakini ombi lenyewe litafuata njia ile ile, litajibiwa na watu wale wale, na kama pesa imesimama mahali, ombi nalo litasimama nyuma yake. Alishauri tutume kwanza ujumbe wa kuulizia. Tukatuma. Majibu, alisema, ni siku mbili hadi tano za kazi, na wikendi haihesabiwi.

Nilirudi dukani. Nilikuwa nimefanya kila hatua ipasavyo, na kila hatua ilikuwa na karatasi yake, na zile karatasi zote pamoja hazikuweza kusogeza bati moja hatua moja. Pesa haikuwa kwangu. Haikuwa kwao. Mtaji wangu wote uliobaki ulikuwa umening'inia ukutani kwa sura ya kufuli na bawaba. Sikuweza kwenda Kampala, kwa sababu ningekwenda na nini? Sikuweza kubaki, kwa sababu kila asubuhi saa moja kasorobo mama wa Munuki alipita dukani akielekea kazini.

Hakuwahi kupiga kelele, na ningependa angepiga. Alisimama mbele ya kaunta akiwa na mfuko wake wa plastiki, akatazama juu angani kwanza, kisha mimi.

"Bukra?"

Maana yake ni kesho. Na mimi nilijibu: "Nadhani kesho, mama."

Siku ya tatu ya kujibu hivyo, jirani yangu wa duka la kushoto alicheka waziwazi. Alikuwa mwanamke wa Kiganda, mpana wa mabega, aliyeuza rangi na brashi, na aliyekuwa Custom kabla yangu.

"Mzee wa karatasi! Mimi iko natuma pesa na dereva. Anaweka chini ya kiti, anakalia. Siku mbili, mali iko hapa. Wewe pesa yako inaenda kwanza kusalimia Wazungu."

"Na dereva akikimbia?"

"Akimbie aende wapi? Mke wake iko Gulu, mama yake iko Gulu, mimi najua mpaka mbuzi yake. Wewe unajua mbuzi ya New York?"

Wabeba mizigo waliokuwa wamekaa kivulini walicheka mpaka mmoja akakohoa. Hata mama wa Munuki alitabasamu kidogo, lakini alipoinua tena macho kutazama mbinguni tabasamu lile lilikwisha.

Niliyatoa mabati mafupi yote niliyokuwa nayo, kumi na manne, nikampelekea kwa mkokoteni bila bei. Fundi wake aliyapanga juu ya mbao za chumba cha kwanza, yakiwa yamepishana ovyo, akayakandamiza kwa mawe. Yalifunika chumba kimoja. Kwa cha pili tulipata turubai mbili. Cha tatu kilibaki wazi. Chumba hicho, mama aliniambia, ndimo alimotaka kuweka cherehani.

Jumatano ya wiki ya pili karani alinipigia simu akaniomba nije. Hakutaka kusema kwenye simu. Nilipofika aligeuza kioo cha kompyuta kidogo ili nione, jambo ambalo nadhani halikuruhusiwa.

Pesa ilikuwa imezuiwa New York. Haikuwa imekataliwa wala kutaifishwa. Ilikuwa imewekwa kando, ikingoja maswali yajibiwe. Na maswali yalikuwa mafupi: ni nani mnunuzi wa mwisho wa bidhaa, ni bidhaa gani, ya matumizi gani, na ni wapi hasa nchini Sudan. Mwishoni mwa ujumbe, kati ya alama za kunukuu, walikuwa wamerudisha maneno yaliyowasimamisha. Yalikuwa ya kwangu, katika mistari minne ile ile, kwa herufi kubwa.

Nilisoma mara mbili. Wakati huo Marekani ilikuwa na vikwazo dhidi ya Sudan. Jambo hilo nililijua, nililisoma gazetini kama kila mtu. Nilijua pia kwamba upande wa Kusini ulikuwa umelegezewa. Lakini mashine inayosoma ujumbe wa benki haijui Kusini wala Kaskazini. Inaona neno moja na kusimama.

"Wenzangu wanaandika nini pale chini?" nikauliza.

Karani aliangalia vidole vyake.

"Namba ya ankara, mzee. Basi."

"Na hukuniambia?"

"Uliandika ukweli. Ningekwambia ufute ukweli?" Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na mimi mwenyewe sikufikiri. Nilipenda tu mwandiko."

Hatukulaumiana zaidi ya hapo. Alinieleza kinachotakiwa: barua yangu, ankara, na tamko la mnunuzi wa mwisho likieleza kiwanja kilipo, kwamba kiko Kusini mwa Sudan, kwamba mabati ni ya nyumba ya kuishi, na kwamba yanaingia kwa barabara ya Uganda bila kupitia Kaskazini. Benki ingetuma majibu kwa niaba yangu, kwa kutumia namba ile ile ya kumbukumbu. Alinichapia nakala ya ujumbe wa New York. Ilinibidi sasa niende kumwambia mama kwamba paa lake limezuiwa na sentensi yangu.

Nilimkuta uani kwake saa tisa alasiri, akiwa ametoka kazini, anapepeta mchele. Nilimweleza yote bila kuacha kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, ungo ukiwa umetulia mapajani.

"Kwa hiyo Mamerika wanataka kujua mimi ni nani."

"Ndiyo, mama."

"Khartoum waliniuliza: wewe nani, unatoka wapi, karatasi yako iko wapi. Nimerudi nyumbani. Sasa ananiuliza mtu iko mbali vile, hata mimi sijaomba chakula kwake." Akapepeta tena kidogo. "Andika. Andika mimi ni mpishi. Andika mimi napika maharage ya Mamerika wenyewe, pale ofisini. Waulize kama maharage ilikuwa mbaya."

Nilicheka, kisha nikaona kwamba yeye hakuwa amecheka.

Aliingia ndani ya kibanda chake cha turubai akatoka na karatasi ya kiwanja, imekunjwa ndani ya kitambaa. Niliandika tamko palepale juu ya sanduku lake. Alitia sahihi polepole, herufi kwa herufi, na alipomaliza akanishika mkono wa shati.

"Ya tajir. Safari hii umeandika nini chini?"

Nikamsomea, karatasi ikiwa bado mkononi mwake: nyumba ya kuishi, Juba, Kusini mwa Sudan. Akanirudishia.

Majibu yalitumwa Alhamisi. Mvua ya kwanza kubwa ilikuja Ijumaa, saa nane mchana.

Nilikuwa dukani. Upepo ulikuja na vumbi jekundu la soko zima, mifuko ya plastiki ikapaa juu ya paa za vibanda, kisha tone la kwanza likaanguka zito kama sarafu. Nilimwachia jirani funguo, nikapanda bodaboda. Tulipofika Munuki njia ilikuwa imekwisha kuwa mto, na dereva akakataa kuendelea. Nilikwenda kwa miguu.

Mama na fundi walikuwa juu ya chumba cha tatu wakijaribu kutandaza turubai waliyoivua kwenye cha pili. Upepo uliwanyang'anya. Nilipanda nikalala juu ya ukuta, nikashika pembe moja, fundi nyingine, mama akakalia ya tatu juu kabisa ya ukuta kama mtu aliyepanda punda. Tulikaa hivyo labda dakika ishirini. Nilihisi ukuta chini ya tumbo langu ukilainika. Si kwa ghafla. Ulianza kuwa kama mkate uliochovywa, kisha kona ya nyuma ikatoa sauti ndogo, kama mtu anayekaa chini kwa kuchoka, na ikakaa. Fundi alipiga kelele tushuke. Tuliteremka, na upande wote wa nyuma wa chumba cha tatu ukalala ndani, ukifuatiwa na ule wa pembeni, mbao za paa zikivunjika kama vijiti.

Mvua ilipopungua mama alisimama kwenye mlango ambao haukuwa na ukuta. Alichukua tofali moja lililobaki na umbo, akalibonyeza kwa kidole gumba, na kidole kikaingia.

"Malesh," akasema. Ni neno la kuomba radhi, na sikujua anamwomba nani.

Usiku huo, nguo zikiwa zimenikaukia mwilini, niliandika barua ya pili kwa mhasibu wa Kampala. Sikumwomba atoe mali. Nilimtumia ujumbe wa New York wote kama ulivyo, maswali yao, majibu yetu, tamko la mama, na namba ya kumbukumbu. Niliandika kwamba pesa iko, imezuiwa, sababu ni mimi, na kwamba leo chumba kimoja kimeanguka. Nilimwambia kwamba sina jambo la kumwomba ila ajue.

Jumamosi alinipigia, na safari hii hakuwa na haraka.

"Ssebo, nimesoma. Mwizi hawezi kunitumia karatasi inayosema pesa imezuiwa. Mwizi ananitumia ile inayosema imefika."

"Kwa hiyo utatoa?"

"Siwezi. Bosi hatakubali, na mimi sitarudia mshahara wa miezi mitatu. Lakini sikiliza. Lori lako liko hapa nje tangu wiki iliyopita?"

"Liko. Dereva ananitukana kila siku."

"Nitamwingiza ndani. Nitampakilia leo mabati yote na misumari. Turubai juu, kamba zimefungwa. Hati yote nitaiandika, ibaki sahihi moja. Atakaa ndani ya geti. Pesa ikisoma kwenye akaunti, natia sahihi, geti linafunguka. Hapo ndipo mwisho wangu."

Nilimshukuru. Alikuwa amenipunguzia siku nzima. Dereva hakuliona hivyo. Alinipigia saa moja baadaye kutoka ndani ya kiwanda.

"Mzee, sasa umenifunga! Mzigo mgongoni, geti mbele, askari na bunduki. Hata chai naletewa kama mahabusu!"

"Ni siku chache."

"Mahabusu wote huambiwa hivyo."

Alikaa humo Jumapili, Jumatatu na Jumanne. Mimi nilikaa Custom. Mvua ilinyesha Jumatatu tena, ya saa moja, na kila tone lililogonga mabati ya vibanda vya soko nililihesabu kwenye kuta za vyumba viwili vilivyobaki. Mama alipita kila asubuhi. Hakuuliza tena bukra. Alisimama, nikatikisa kichwa, akaondoka. Jirani muuza rangi naye aliacha kunitania. Hilo liliniogopesha kuliko utani wake.

Jumatano saa sita mhasibu alipiga.

"Imeingia, ssebo. Namba ni ile ile. Lakini imepungua dola ishirini na tano."

Nilikuwa nimelipa gharama zote mimi mwenyewe. Lakini wale waliouliza maswali walikuwa wamejilipa kwa kazi ya kuuliza.

"Mama, ni dola ishirini na tano."

"Najua. Kompyuta haijui. Ankara ikiwa na baki, haichapi hati ya kutoka. Ukituma tena ni siku ngapi?"

Sote wawili tulijua ni siku ngapi. Kwenye simu, nyuma ya sauti yake, nilisikia mlango ukifunguliwa kwa nguvu na mtu akizungumza kwa hasira. Kisha sauti ya mhasibu, mbali kidogo na simu: "Wewe huruhusiwi kuingia humu na viatu hivyo!" Kisha sauti ya dereva wangu:

"Ni ngapi? Ishirini na tano? Shika! Shika, andika risiti, mimi nataka kwenda nyumbani."

Mashine ya kuchapa ilianza kulia. Ni sauti ya kukwaruza, kama panya kwenye sanduku la chuma, na nilibaki nimeshika simu mpaka ikanyamaza.

Barabara ya Nimule, ile inayotoka mpaka wa Uganda, ilikuwa matope, na lori lilichukua siku sita badala ya nne. Lilipofika Munuki, kuta za chumba cha kwanza na cha pili zilikuwa zimesimama bado, zimechubuka chini lakini zimesimama. Pale pa chumba cha tatu palikuwa na rundo la udongo lililokwisha kuota majani. Mabati yalikuwa ya vyumba vitatu, yamekatwa mita tano kila moja kama tulivyoagiza. Nilimwambia mama kwamba nitayauza ya ziada kwa njia yoyote na kumrudishia pesa yake, ingawa nilijua nilichosema mwanzoni kabisa mwa hadithi hii, kwamba mabati ya kipimo hayana mnunuzi mwingine.

"Usiuze," alisema. Alimwita fundi. "Weka nguzo hapa. Hapa. Hapa na hapa. Piga bati mpaka mwisho, kama vile tulisema."

"Juu ya nini, mama?" fundi akauliza. "Hakuna ukuta."

"Juu ya nguzo. Ukuta itakuja chini yake, pole pole, na matara haitaigusa."

Fundi alikuna kichwa, akaenda kutafuta nguzo. Niliomba kulipia matofali ya chumba hicho, ya kuchoma safari hii.

"Lete," mama alisema. "Lakini lete tofali, ya tajir. Usiniletee barua."

Nilileta mia nne kwa mikokoteni miwili. Hayakutosha, na tulijua sote. Cherehani ilikuwa imekwisha wekwa chini ya mabati mapya, katikati ya nguzo nne, na alikuwa akishona pazia la mlango wa chumba cha kwanza wakati mvua ya alasiri ilipoanza. Ilitupiga miguuni kutoka pande tatu. Alivuta kiti chake katikati, akanionyesha pa kusimama ili nisimzuilie mwanga, akaendelea kushona.